Sura ya Sita: Mtu Mweusi wa Ndotoni

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Desemba 1913, nyumbani kwake Küsnacht kando ya Ziwa Zurich, daktari wa magonjwa ya akili Carl Gustav Jung aliota kwamba ameua. Alikuwa na umri wa miaka 38. Ndotoni alijikuta kwenye milima ya mawe, mahali pasipo na watu, kabla jua halijachomoza. Hakuwa peke yake. Pembeni yake alikuwepo mwanamume asiyemfahamu, mwenye ngozi ya kahawia, ambaye Jung katika kumbukumbu zake anamwita mshenzi. Wote wawili walikuwa na bunduki. Wakasikia pembe ya Siegfried, yule shujaa wa hadithi za kale za Wajerumani, ikilia milimani, na Jung akajua kwamba kazi yao ni kumuua. Siegfried akatokea kileleni pamoja na mwale wa kwanza wa jua, akishuka kwa kasi kwenye gari lililotengenezwa kwa mifupa ya wafu. Alipokata kona wakamfyatulia risasi, akaanguka, akafa. Jung akashikwa na kinyaa na majuto kwa kuangamiza kitu kizuri na kikubwa kiasi kile. Akageuka akimbie, akihofia kugunduliwa. Hapo ikanyesha mvua kubwa, naye akajua kwamba itafuta kila alama ya mauaji yale.

Aliamka, akajaribu kulala tena, akashindwa. Ndani yake sauti ikamwambia kwamba lazima aielewe ndoto hiyo mara moja, na asipoielewa itambidi ajipige risasi. Katika droo ya meza iliyokuwa kando ya kitanda palikuwa na bastola, na bastola hiyo ilikuwa na risasi.

Tunaijua ndoto hii kwa sababu Jung mwenyewe aliisimulia katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nimeichagua iongoze sura hii kwa sababu ndani yake yumo mtu ambaye wengi wetu tumewahi kukutana naye usingizini. Ni mgeni mwenye sura ya giza, asiye na jina, anayetutia hofu au haya, na ambaye mara nyingi tunaamka kabla hatujajua alitaka nini. Jung alimpa jina la kivuli. Alimwelewa kwa undani ambao wachache waliomtangulia waliufikia, na baadaye, alipofika kwetu Afrika Mashariki, akamwelewa vibaya. Mambo hayo mawili yanastahili kusomwa pamoja.

Mwaka ule wa 1913 ulikuwa mbaya kwake. Urafiki wake na Sigmund Freud, uliokuwa umeanza mwaka 1907, ulivunjika. Freud alimchukulia kama mrithi wa kazi yake, na Jung alikuwa ameishi miaka kadhaa akijiona mtu wa kwenda mbele bila kuzuilika, mwenye akili na nia ya chuma. Ndiyo maana, alipoikalia ndoto ile gizani, jambo lililomfungukia kwanza lilikuwa Siegfried. Shujaa yule alikuwa yeye mwenyewe: ile tabia yake ya kutaka mapenzi yake yatimie kwa nguvu, ya kuamini kwamba penye nia lazima pawe na njia. Tabia hiyo ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, na ilibidi ife. Majuto aliyoyahisi ndotoni yalikuwa ya kweli, kwa kuwa hakuna anayeagana na picha nzuri aliyojijengea bila kuumia.

Yule mwanamume wa kahawia naye? Jung alisema ni kivuli chake. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu wasomaji wengi hupita haraka. Mgeni yule hakumshambulia Jung. Alikuwa upande wake, alishika bunduki kama yeye, na alisaidia kufanya jambo ambalo Jung mwenye heshima zake, daktari na mtoto wa mchungaji, asingethubutu kulifanya peke yake. Kivuli kilikuja kama mshiriki. Kilikuwa na uwezo ambao Jung wa mchana hakuwa nao.

Wazo lenyewe lilikuwa na mizizi katika kazi ya hospitali. Tangu Desemba 1900 Jung alikuwa daktari katika hospitali ya Burghölzli mjini Zurich, chini ya Eugen Bleuler, na huko alifanya majaribio ya maneno. Mgonjwa alisomewa neno moja moja kutoka orodha ya maneno 100, na kwa kila neno alitakiwa kujibu neno la kwanza lililomjia. Jung alishika saa ya kupimia sekunde. Maneno mengi yalijibiwa haraka, lakini kwenye maneno fulani mtu alikawia, au alirudia neno lilelile, au alicheka pasipo sababu, na mara nyingi hakujua kwamba amekawia. Nyuma ya ukawiaji huo Jung alikuta kisa: aibu, kifo, tamaa, kosa la zamani. Kitu ndani ya mtu kilikuwa kinamzuia kujibu bila ruhusa yake. Ndipo Jung alipoanza kusadiki kwamba nafsi ina sehemu ambazo zina nia yake zenyewe, na kwamba mtu anayesema "mimi" hazisemei zote.

Kivuli ni mojawapo ya sehemu hizo, na ndicho kilicho karibu nasi zaidi. Kinatengenezwa taratibu, tangu utotoni. Mtoto anaambiwa usilie, wewe ni mwanamume. Au usicheke kwa sauti, wewe ni msichana. Au katika nyumba hii hatupigi kelele, hatuombiombi, hatuna choyo. Anachokatazwa hakiyeyuki. Kinaondoka tu mahali anapoweza kukiona. Kwa hiyo kivuli cha mtu mpole kina hasira, na cha mtu mchapakazi kina uvivu, lakini pia cha mtu aliyelelewa kujidharau kinaweza kuwa na kipaji na ujasiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 kiitwacho Aion, Jung alieleza kwamba kukitambua kivuli ni jambo la maadili linalodai ujasiri, kwa maana mtu analazimika kukubali kwamba giza hilo lipo na ni lake. Ndotoni kivuli huja kwa kawaida kama mtu wa jinsia ileile na ya mwotaji. Wa jinsia nyingine ana habari zake, na sura nyingine ya kitabu hiki itamshughulikia.

Kisichotambuliwa ndani huonekana nje. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Jung aliongeza namna ya kulipima. Tazama kiasi cha hasira, alishauri. Jirani akiwa mchoyo nawe ukaudhika kidogo, pengine ni mchoyo kweli. Lakini ukikosa usingizi kwa sababu ya choyo chake, ukamsimulia kila unayekutana naye, na ukiona kwamba kazini pia yupo mtu wa namna hiyohiyo, na kwenye kikundi cha kufa na kuzikana yupo mwingine, basi sehemu ya jambo hilo ni yako. Hasira kubwa kupita sababu yake ndiyo dalili.

Ndoto husomwaje, basi? Jung alitenganisha namna mbili. Kwa namna ya kwanza, mtu uliyemwota ni yeye kweli: umemwota kaka yako, na ndoto inasema jambo kuhusu kaka yako na uhusiano wenu. Kwa namna ya pili, kila aliyemo ndotoni ni sehemu yako. Alipendekeza kwamba ndugu, mwenza, bosi, yaani mtu unayeishi naye na mwenye nafasi katika maisha yako ya sasa, asomwe kwanza kwa namna ya kwanza. Mgeni asiye na jina, au mtu uliyemwona mara moja miaka mingi iliyopita, asomwe kwa namna ya pili. Halafu mwotaji anaulizwa maswali yasiyotoka nje ya picha yenyewe. Mtu huyo amevaa nini? Anafanya kazi gani? Watu wa aina yake unawajua wapi, na unawadharau kwa lipi? Ana nini ambacho wewe huna? Mwisho linakuja swali ambalo kwa Jung lilikuwa muhimu kuliko yote: ndoto hii inasawazisha nini katika maisha yako ya mchana, yaani umeegemea upande gani kupita kiasi hata usiku ukaleta upande wa pili?

Maswali hayo ni mazuri. Nayaamini. Na ndiyo yanayonifanya niuone ule udhaifu uliomo katika ndoto ya Siegfried tangu mwanzo. Kwa nini kivuli cha daktari wa Uswisi kilikuja na ngozi ya kahawia? Jung alijibu kwamba mtu yule alikuwa sura ya utu wa kale, wa kabla ya ustaarabu. Hakujiuliza picha hiyo aliitoa wapi. Ulaya ya mwaka 1913 ilikuwa imeshagawana Afrika, na magazeti yake, vitabu vyake vya shule na maonyesho yake vilimfundisha kila mtoto kwamba mtu mweusi ndiye mwenye tamaa bila mipaka, nguvu bila akili, na mwili bila aibu. Vyote alivyokatazwa mtoto wa Kizungu vilikuwa vimeshapewa mwenyewe wa kuvibeba. Ndoto ya Jung ilipotafuta vazi la kukivika kivuli, ililikuta limening'inia tayari.

Mwaka 1920 alisafiri hadi Afrika ya Kaskazini, na huko Tunis mgeni alikuja tena ndotoni. Safari hii alikuwa kijana Mwarabu wa kifalme, mzuri wa sura, mwenye joho jeupe, aliyetoka katika lango la ngome na kumshambulia Jung darajani. Walishikana, wakaanguka katika handaki la maji, wakazamishana vichwa. Baadaye ndotoni wakawa wamekaa chumbani pamoja, katikati ya ngome, na Jung akamlazimisha yule kijana, kwa upole wa baba, asome kitabu ambacho Jung alihisi amekiandika mwenyewe. Jung aliisifu ndoto hii na kuona humo jambo kubwa kuliko kivuli cha mtu mmoja. Mimi naona pia kwamba mwenye mji ndiye aliyelazimishwa kusoma kitabu cha mgeni, na kwamba Jung hakuliona hilo kuwa ajabu.

Kisha akaja kwetu. Mwaka 1925 alitembelea maonyesho ya Dola ya Uingereza huko Wembley, London, akavutiwa na habari za makabila ya Afrika, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshuka Mombasa. Alipanda treni usiku kwenda Nairobi. Alfajiri aliamka, treni ikizunguka jabali jekundu katika wingu la vumbi, na juu ya mwamba akamwona mtu mwembamba, mweusi, ameegemea mkuki mrefu, ametulia tuli akiitazama treni. Jung aliguswa mno. Alihisi kana kwamba alikuwa anamjua mtu yule siku zote, na kwamba wametenganishwa na wakati tu. Baada ya hapo alikwenda na wenzake hadi Mlima Elgon, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa, na yeye akawa anakaa na wazee kwenye mabaraza, akizungumza Kiswahili cha kujikongoja huku akifungua kamusi ndogo. Aliwauliza habari za ndoto zao. Mzee mmoja mganga alimweleza, machozi yakimlenga, kwamba zamani waganga waliota na kujua kama itakuja vita au maradhi, lakini tangu Wazungu waje hakuna anayeota tena, kwa sababu Waingereza wanajua kila kitu. Jung aliyapokea maneno hayo kama ukweli wa nafsi uliopotea. Inawezekana vilevile kwamba mzee alichagua kutomwekea mgeni wa Kizungu, rafiki wa mkuu wa wilaya, ndoto zake mezani.

Na yeye Jung, akiwa kati ya Waafrika kila siku, aliota nini? Alishangaa kwamba ndoto zake zilikuwa za nyumbani Uswisi tu, mambo yake binafsi. Safari nzima, anasema, mtu mweusi alimtokea ndotoni mara moja peke yake. Uso wake haukuwa mgeni kabisa, lakini Jung alifikiri kwa muda mrefu kabla hajakumbuka amemwona wapi. Alikuwa kinyozi wake wa mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani. Ndotoni kinyozi huyo alikuwa ameshika chuma kikubwa cha kutengenezea nywele, chekundu kwa moto, akikisogeza kichwani mwa Jung ili azifanye nywele zake kuwa za kipilipili. Jung alikwisha kulihisi joto la chuma. Akaamka kwa hofu.

Jinsi alivyoitafsiri ndiko kosa liliko. Alichukua ndoto hiyo kama onyo kutoka ndani kwamba Afrika ni hatari kwake, kwamba alikuwa karibu mno na kugeuka kuwa mtu mweusi, na kwamba ni lazima autunze utu wake wa Kizungu kwa kila hali. Aliona hata kwamba akili yake ilimleta Mmarekani mweusi badala ya Mwafrika ili imwepushe na jambo la karibu zaidi. Kwa maneno mengine, alimchukua mgeni wa ndotoni na kumrudisha nje, kwa watu waliomkaribisha na kumwekea moto wa kambi usiku. Nao hawakuwa wamemfanya lolote.

Tumsomee ndoto yake kwa kanuni zake mwenyewe. Kinyozi si mtu wa nyumbani mwake. Ni mtu aliyeonana naye safarini na kumsahau, kwa hiyo asomwe kama sehemu ya Jung. Kinyozi ana nini ambacho Jung hana? Ana kazi ya mikono. Anasimama, na mteja anakaa. Mteja, awe profesa au nani, anainamisha kichwa chake na kukikabidhi kwa mtu huyo, na katika Tennessee ya miaka ile mtu mweusi hakuwa na mahali pengine pengi ambapo angeweza kumshikia Mzungu wembe shingoni na kuaminiwa. Sasa uliza maisha ya mchana yameegemea wapi. Jung alikuwa amekuja Afrika kama mtafiti, mwenye daftari, wabebaji na askari wa kumlinda, yeye akiwauliza wengine habari za ndani ya vichwa vyao. Usiku mambo yakageuka. Kichwa kilichoshikwa kikawa chake. Ndoto inayosawazisha haiwezi kuwa wazi kuliko hapo: ndani yake palikuwepo kitu kilichotaka abadilishwe na safari hii badala ya kuitazama tu, na kilichokuwa na nguvu ya kulifanya hilo. Joto lile lilikuwa lake. Aliyeandika kwamba kivuli ni cha mwenye nacho alishindwa kukipokea kilipokuja kichwani kwake, kwa sababu kilivaa ngozi ambayo jamii yake ilikuwa imeshamwambia ni ya wengine.

Hatimaye wengine walilisema hili kwa sauti, wakiwemo wafuasi wa Jung. Mwaka 1988 mtaalamu wa tiba ya nafsi Farhad Dalal alichapisha Uingereza makala iliyouliza wazi juu ya ubaguzi wa rangi katika maandishi ya Jung, na mwaka 2018, miaka 30 baadaye, kundi la wafuasi wa Jung likaandika barua ya wazi kukiri kwamba nadharia zake kuhusu Waafrika zimeleta madhara na kwamba taaluma yao ilichelewa mno kulikabili jambo hilo. Lakini aliyefika mapema zaidi ni Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 alieleza kwamba kile ambacho Jung alikiona kama urithi wa binadamu wote, yaani mweusi kuwa ishara ya uovu, ni mkusanyiko wa chuki na hadithi za jamii fulani, uliofundishwa kwa watoto. Na jambo zito zaidi: watoto weusi wa Martinique nao waliufundishwa, hata wao wakaota na kuogopa vilevile.

Fanon anatufaa kwa sababu nyingine pia. Octave Mannoni, Mfaransa aliyeishi Madagaska kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1950 kitabu chenye ndoto za Wamalagasi. Kijana mmoja wa miaka 13 aliota akitembea msituni akakutana na watu wawili weusi wenye bunduki, wakamzuia njia, wakamtanguliza mbele wampeleke kwa mkubwa wao. Akapiga mbizi mtoni, akajificha pangoni. Mannoni alisoma humo hofu za utotoni za kumkosa baba na mama wa kumlinda. Fanon alikasirika, na kwa haki. Mwaka 1947 Wamalagasi walikuwa wameinuka dhidi ya utawala wa Ufaransa na kuuawa kwa maelfu, na askari wa Kisenegali walitumiwa katika kuwakandamiza na kuwatesa. Bunduki ya ndotoni ilikuwa bunduki kweli. Mtu mweusi wa kijana yule hakuwa sehemu yake iliyokataliwa, alikuwa askari.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mtu kwamba anayemkimbiza usiku ni yeye mwenyewe, muulize kama kuna aliyewahi kumkimbiza. Jung aliliona hilo kwa askari waliotoka vitani. Ndoto zao zilirudia mlipuko uleule, neno kwa neno, na kuzichambua hakukuzibadilisha. Hiyo ndiyo alama ya kutazama. Ndoto ya kivuli hubadilika kila inaporudi: leo mgeni yuko mbali, mwezi ujao yuko mlangoni, siku nyingine ana uso, siku nyingine anasema. Ndoto ya jeraha haibadiliki, na mwenye ndoto hiyo anahitaji usalama na tiba ya jeraha kabla ya tafsiri. Kuna na jinamizi, pale mtu anapofumbua macho, chumba anakiona, lakini hawezi kusogea wala kupiga kelele, na kitu cheusi kimemkalia kifuani. Hapo mwili bado umefungwa na usingizi wakati akili imeshaamka. Huwapata zaidi watu waliochoka na wanaolala chali. Wapo wanaopewa dawa za kuogea na makombe kwa ajili yake, na wapo wanaoambiwa ni kivuli chao. Anayepatwa nalo aanze kwanza kulala vya kutosha, na alale ubavu.

Tufanye nini basi na mgeni wa giza anapomjia mtu wa kwetu, ambaye ngozi nyeusi kwake ni ya mama, ya shangazi na ya kioo cha asubuhi? Giza lake linatoka kwingine. Mfano ufuatao nimeutunga, lakini kila kipande chake nimekiona katika watu wa kweli.

Mhasibu wa miaka 45 anaishi Dar es Salaam. Ni mtu wa watu, mpole, mjumbe wa kamati msikitini, hajawahi kugombana na mtu. Anaota usiku geti linagongwa kwa kishindo. Anachungulia, anaona mwanamume kifua wazi, mweusi tii kwa vumbi la mkaa, macho mekundu, ana panga. Anaamka jasho linamtoka. Ndugu zake wanamwambia ni hasidi, atafute kinga. Anaulizwa badala yake: muuza mkaa ni mtu gani? Anasema ni mtu mchafu, mkali, anayeamka saa tisa usiku, anapakia magunia kwenye baiskeli, anataja bei yake na hashuki. Kwani unamjua muuza mkaa yeyote? Ananyamaza. Baba yake mdogo alichoma mkaa Kisarawe, na ada ya sekondari ya mhasibu huyu ilitoka kwenye matanuri yale. Kazini hakuna anayejua. Tangu azikwe baba mdogo hajarudi kule. Na mchana, maisha yameegemea wapi? Shemeji yake amekopa kwake mara kwa mara, harudishi, naye hawezi kudai wala kukataa. Kichwa kinamuuma kila mwisho wa mwezi.

Sasa panga halimtishi sana. Muuza mkaa ana kile ambacho mhasibu amekosa, yaani kujua bei ya kitu na kusimama hapo. Baada ya majuma kadhaa anamwota tena, safari hii ndani ya ua, amekaa juu ya gunia, anasema anadai.

Hatua hii ina hatari yake, na ndipo wengi huharibu. Aliyegundua kwamba hasira ni yake huweza kuvaa hasira mzima mzima. Anamfokea karani, anamtukana shemeji mbele ya mkewe, na anaita hayo ukweli. Huyo hajakipokea kivuli. Kivuli kimempokea yeye, na mhasibu mpole amegeuka muuza mkaa asiye na mhasibu. Dalili yake ni raha ile ya ghafla, ya kujiona hatimaye uko huru, pamoja na kutojuta kabisa. Anayekwenda sawasawa huwa na aibu kidogo na sauti ya kawaida. Mhasibu wetu alimwita shemeji pembeni baada ya chakula, akamtajia jumla ya deni na tarehe ya kuanza kulipa, na akasema hatakopesha tena kabla ya hapo. Shemeji alinuna, na mkewe hakumsemesha siku kadhaa.

Kichwa kimepungua kuuma. Lakini Kisarawe hajaenda, na ofisini, mazungumzo ya vijijini yakianza, bado anasema kwamba alisomeshwa na mjomba aliyekuwa serikalini. Ningekuwa mimi ndiye ninayezisikiliza ndoto zake, ningetarajia geti ligongwe tena, na nisingeshangaa kama safari hii mgongaji atakuwa na uso wa baba mdogo.